Mbwa wako anaweza kuwa stika: Hivi ndivyo utamkata vizuri

Una mbwa mweusi hapo Nyeri na unataka awe stika za WhatsApp? Anza na mwanga. Akiwa kivulini, manyoya na giza huwa kitu kimoja, hutajua sikio linaishia wapi. Asubuhi ya mawingu, kama zile za Julai, ni poa kwa sababu haina vivuli vikali. Msimamishe mbele ya ukuta mweupe, hatua mbili hivi kutoka ukutani.

Ukishafuta mandhari, vuta picha iwe kubwa, uangalie miguu. Kama alikuwa amesimama kwenye udongo wetu mwekundu, utaona uzi mwekundu umebaki kando ya makucha. Futa kuelekea ndani, pikseli moja au mbili, hadi uzi huo uishe.

Sasa mzungushie mstari mweupe wa pikseli 8. Bila huo, ukimtuma kwa rafiki mwenye skrini nyeusi, atayeyuka, yabaki macho tu!

Picha iwe pikseli 512 kwa 512, na uache nafasi ya pikseli 16 kila upande. Ihifadhi kama WebP isiyofika kilobaiti 100. JPEG achana nayo, haiwezi kubeba mandhari tupu. Itakurudishia kiboksi cheupe.

Seti inahitaji stika 3 kwenda juu, mwisho 30. Akilala, akibweka, akiomba chapati: hizo tatu zinatosha kuanza. Kabla ya kuzisambaza, zijaribu kwenye skrini nyeupe, kisha nyeusi.