Onyo la Dhamana Halimpi Mtu Muda

Swali linaloulizwa mara kwa mara na wanaofanya biashara ya fedha za kigeni kwa simu, wawe Bombambili au Kariakoo, ni hili: baada ya onyo la dhamana kutokea, mtu ana muda gani wa kuongeza fedha kabla oda zake hazijafungwa kwa lazima? Swali hili limejengwa juu ya kosa, kwa sababu baina ya onyo na ufungaji hakuna muda wowote uliotengwa. Kilichopo ni umbali wa bei, na bei inaweza kuumaliza umbali huo ndani ya sekunde chache.

Kipimo kinachoamua kila kitu huonekana kwenye programu ya MetaTrader kwa jina la Margin Level. Hupatikana kwa kugawa thamani halisi ya akaunti, yaani salio pamoja na faida au hasara ya oda zilizo wazi, kwa dhamana iliyozuiwa na dalali, kisha kuzidisha kwa 100. Madalali wengi hutoa onyo, Margin Call, kipimo kinapofika 100%, na hufunga oda, Stop Out, kinapofika 50%, ingawa kila dalali ana viwango vyake ambavyo vimo katika mkataba wa akaunti.

Ichukuliwe akaunti yenye dola 500 na levareji ya 1:500, ambayo mwenyewe amenunua loti moja ya EURUSD, yaani yuro 100,000, kwa bei ya 1.1000. Dhamana inayozuiwa ni dola 220, na kila pipsi moja, yaani badiliko la 0.0001 katika bei, ni dola 10. Gharama ya kuingia ikiwekwa kando, kipimo huanza karibu na 227%, namba ambayo wengi huiona kuwa salama. Hata hivyo, bei ikishuka pipsi 28 tu akaunti hubaki na dola 220 na onyo hutokea. Ikishuka pipsi 11 nyingine hubaki dola 110, na mtambo wa dalali hufunga oda bila kumuuliza mtu. Takwimu za ajira za Marekani zinapotangazwa, saa tisa na nusu alasiri au saa kumi na nusu jioni kwa saa za Tanzania kutegemea majira ya huko, pipsi 11 huweza kupita kabla ujumbe wa onyo haujasomwa, achilia mbali kabla fedha hazijatoka kwenye simu na kufika kwa dalali.

Hata zikifika kwa wakati, fedha hizo ni dawa mbovu. Anayeongeza dola 100 onyo linapotokea hununua pipsi 10 zaidi, hivyo umbali uliobaki huwa pipsi 21, na bei ikiendelea kushuka atakuwa amepoteza dola 490 badala ya 390. Anayefunga nusu ya oda hiyo, bila kuongeza hata senti, hupunguza dhamana hadi dola 110 na thamani ya pipsi hadi dola 5, kipimo hupanda hadi 200%, na umbali wa kufikia ufungaji huwa pipsi 33. Hesabu hii iko wazi, na inasikitisha kwamba bado watu hukopa ili kuongezea akaunti inayoungua, ilhali kilichopaswa kupunguzwa ni ukubwa wa oda.

Kinachofaa ni kuamua hasara kabla ya kuingia. Aliye tayari kupoteza dola 10 kwa umbali wa pipsi 50 agawe 10 kwa 50, apate senti 20 kwa pipsi, ambayo ni loti 0.02; kwa akaunti ile ile, kipimo chake kitabaki juu ya 11,000% hata bei ikifika mwisho wa umbali huo. Hapo hapo aweke Stop Loss, kwa kuwa hiyo hukaa kwenye mtambo wa dalali na hufanya kazi hata umeme ukikatika au bando likiisha, tofauti na tahadhari za bei na Trailing Stop za programu ya kompyuta, ambazo huhitaji programu iwe wazi. Tahadhari yake binafsi aiweke kwenye bei itakayoleta 200%. Ikiwa bei hiyo iko pipsi 6 tu kutoka alipoingia, kama ilivyo kwa ile loti moja, oda ni kubwa mno na isifunguliwe. Wala Stop Loss haihakikishi bei: tarehe 15 Januari 2015, Benki Kuu ya Uswisi ilipoondoa kikomo cha faranga dhidi ya yuro, bei iliruka, oda zikafungwa mbali na zilipowekwa, na baadhi ya akaunti zikabaki na deni. Kwa hiyo, kabla ya kuweka fedha, asome kwenye mkataba kama dalali analinda akaunti isishuke chini ya sifuri.