Joto Linaloingia kwa Kioo: Hesabu ya Singapuri na Kikomo cha Wati 50

Singapuri iko kaskazini kidogo tu ya ikweta. Hakuna majira ya baridi kule, unyevu haupungui, na ofisi nyingi huwasha viyoyozi asubuhi hadi jioni mwaka mzima. Sehemu kubwa ya kazi ya kiyoyozi ni kutoa nje joto lililopita kwenye kuta na madirisha, na joto hilo huamuliwa na mchoro wa msanifu kabla mtu yeyote hajanunua mashine. Ndiyo maana sheria ya ujenzi ya nchi hiyo haiishii kwenye mashine. Anayetaka kujenga jengo la biashara lenye viyoyozi, likiwa na zaidi ya mita za mraba 500 za sakafu, lazima aonyeshe kwa hesabu kwamba gamba la jengo lake, yaani kuta na madirisha ya nje, halipitishi joto kupita kiasi. Kipimo hicho huitwa ETTV, na kikomo chake ni wati 50 kwa kila mita ya mraba ya gamba.

Singapuri ilianza kudai hesabu ya aina hii mwaka 1979, kwa kufuata njia iliyotungwa na wahandisi wa viyoyozi wa Marekani. Kikomo cha wakati huo kilikuwa wati 45. Baadaye wataalamu walipoichunguza upya waliona kwamba hesabu ile ya zamani ilipunja joto la jua linalopenya kwenye vioo, hivyo jengo la vioo vingi lilionekana jema kuliko lilivyo. Fomula ikaandikwa upya ili ilingane na hali ya hewa ya kule. Kwa hiyo 50 ya leo si kulegeza 45 ya zamani. Ni vipimo viwili visivyolinganishwa moja kwa moja.

Fomula yenyewe ni mstari mmoja:

```
ETTV = 12(1-WWR)Uw + 3.4(WWR)Uf + 211(WWR)(CF)(SC)
```

Ina vipande vitatu kwa sababu joto huingia kwa njia tatu: kupitia ukuta, kupitia kioo kwa sababu hewa ya nje ni ya moto kuliko ya ndani, na kupitia kioo kwa mwanga wa jua wenyewe. WWR ni sehemu ya ukuta iliyochukuliwa na madirisha. Ukuta ambao nusu yake ni kioo una 0.5. Uw na Uf zinaeleza jinsi ukuta na kioo vinavyopitisha joto kwa urahisi, na namba ikiwa ndogo, kizuizi ni kikubwa. SC ni mgawo wa kivuli: joto la jua linalopita kwenye dirisha lako likilinganishwa na lile linalopita kwenye kioo cheupe cha kawaida cha milimita 3. CF hurekebisha hesabu kulingana na upande ambao ukuta unatazama.

Namba 12, 3.4 na 211 ndizo zinazobeba hali ya hewa ya Singapuri. Ukuta umepewa tofauti ya joto ya nyuzi 12 ingawa hewa ya nje haiizidi ya ndani kwa kiasi hicho, kwa kuwa jua huuchoma ukuta, nao ukaendelea kutoa joto ndani hata baada ya jua kuhama. Kioo kimepewa 3.4 tu, ambayo ni tofauti ya hewa peke yake, kwa sababu jua lake limehesabiwa katika kipande cha tatu. Hapo ndipo ilipo 211, nayo ndiyo inayotawala hesabu nzima.

Tuifanyie kazi kwa jengo la mfano. Ni ofisi ya ghorofa tano, urefu mita 40, upana mita 20, kimo mita 20. Kiwanja kimelazimisha pande ndefu zitazame mashariki na magharibi, kila upande mita za mraba 800. Kaskazini na kusini kuna mita 400 kila upande, na gamba lote ni mita 2,400. Nusu ya kila ukuta ni kioo. Kuta ni za tofali la kuchoma lililopigwa plasta pande zote mbili, zenye Uw ya 2.8. Vioo ni vyeupe vya tabaka moja, Uf 5.7 na SC 0.95.

Jedwali la Singapuri la kuta zilizosimama wima linatoa CF ya 0.80 kwa kaskazini, 0.83 kwa kusini, 1.13 kwa mashariki na 1.23 kwa magharibi. Chukua magharibi. Ukuta unaleta 12 × 0.5 × 2.8, sawa na 16.8. Kioo kwa tofauti ya hewa kinaleta 3.4 × 0.5 × 5.7, karibu 9.7. Jua linaleta 211 × 0.5 × 1.23 × 0.95, karibu 123.3. Jumla ni wati 149.8 kwa mita ya mraba, mara tatu ya kikomo. Mashariki inatoa 139.7, kusini 109.7, kaskazini 106.7. Hizi hazijumlishwi tu na kugawanywa kwa nne. Kila upande huzidishwa kwa eneo lake, kisha jumla ikagawanywa kwa 2,400. Jibu ni 132.6. Jengo limeanguka vibaya.

Mwenye jengo akisikia hivyo, mara nyingi huwaza kuta nene. Tupunguze Uw hadi nusu, 1.4. Matokeo yanashuka kwa wati 8.4 na kufikia 124.2. Fedha imetumika, jengo bado halipiti. Lingegeuzwa tangu mwanzo ili pande ndefu zitazame kaskazini na kusini, lingepata 120.4 bila kuongeza tofali hata moja. Huo ni unafuu wa zaidi ya wati 12 uliopatikana kwenye karatasi, lakini hauwezekani tena msingi ukishachimbwa.

Turudi kwenye kiwanja chetu na kuta zetu za awali, tubadilishe kioo. Tuweke kioo cha tabaka mbili chenye utando mwembamba wa kuzuia joto, Uf 1.8 na SC 0.35. Jengo zima linashuka kutoka 132.6 hadi 58.9. Angalia namba iliyofanya kazi hiyo. Kuboresha Uf kumeokoa wati 6.6 tu; karibu zote zilizobaki, 67, zimetokana na SC. Katika hali ya hewa kama ile, anayelipia tabaka mbili za kioo bila kuuliza mgawo wa kivuli amenunua kinga ambayo haihitaji sana.

Bado tumezidi kwa karibu wati 9. Sasa tufunge mabapa ya kukinga jua nje ya madirisha ya mashariki na magharibi. Vipimo vya mabapa hutafutwa kwenye majedwali ya kanuni, kwa kuangalia urefu wa bapa kulingana na kimo cha dirisha. Tuseme yetu yanapitisha 0.70 ya jua. Mgawo wa kioo unazidishwa kwa mgawo wa bapa, 0.35 × 0.70, na jengo linafika 50.2. Limezidi kwa nukta mbili, na 50.2 si 50. Hapa ndipo ukuta uliodharauliwa unapopata nafasi yake: tukitumia tofali jepesi lenye vitundu vya hewa na kushusha Uw hadi 2.0, tunapata 45.4. Jengo limepita.

Mapazia ya ndani hayamo katika hesabu hii, na hilo ni sawa. Mtu anaweza kuyafungua au kuyaondoa kesho. Tena jua likishapita kioo na kupiga pazia, sehemu kubwa ya joto lake iko ndani tayari, na kiyoyozi ndicho kitakachobeba.

Makosa yanayoharibu kazi hii si ya kuzidisha na kujumlisha. Kubwa ninaloliona ni kuchanganya namba mbili za kioo. Karatasi nyingi za watengenezaji huandika SHGC, ambayo ni sehemu ya joto lote la jua linaloingia ndani, wakati fomula inataka SC. Ili kupata SC, unagawanya SHGC kwa 0.87. Tuseme ile 0.35 yetu ilikuwa SHGC, na aliyehesabu akaiingiza kama ilivyo. SC halisi ni 0.40, na jengo lililoandikwa 45.4 kwa kweli ni karibu 50. Limepona kwa unywele. Lingekuwa na ukuta wa zamani, lingefika 54.8, huku karatasi ikionyesha 50.2 tu. Kulitambua kosa hili si vigumu: weka karatasi ya mtengenezaji kando ya jedwali la hesabu. Kama namba iliyo chini ya SC ni ileile iliyoandikwa SHGC kwenye karatasi, kuna kosa.

Kosa la pili ni la dira. Wachoraji hupenda kugeuza mchoro ukae vizuri kwenye karatasi, kisha wakauita upande wa juu kaskazini. Ukihesabu kwa kaskazini hiyo ya karatasi, pande ndefu za jengo letu zinaweza kupewa CF ya 0.80 badala ya 1.23. Na kosa la tatu hutokea eneo la ujenzi, mkandarasi anapoleta kioo kingine cha rangi ileile kwa bei nafuu. Macho hayaoni SC. Lazima namba ya kioo kilichofungwa ilingane na ile iliyopitishwa.

Hata ikifanywa bila dosari, hesabu hii ina mipaka. Haisemi bili ya umeme itakuwa ngapi, kwa kuwa haigusi taa, kompyuta, watu waliomo wala ubora wa mashine. Paa lina hesabu yake. Na kwa kuwa jibu ni wastani, upande wa magharibi unaweza kuwa mbaya kabisa huku pande nyingine zisizo na madirisha zikiubeba. Atakayekaa pale saa tisa alasiri hatapozwa na wastani. Kwa hiyo ni busara kudai matokeo ya kila upande, si jumla peke yake.

Wasanifu wa Dar es Salaam na Mombasa wanaosimamisha majengo ya vioo wanaweza kujifunza mpangilio wa hesabu hii, lakini wasinakili 12, 3.4, 211 na zile CF. Zilipatikana kwa hali ya hewa ya Singapuri. Dar es Salaam iko karibu nyuzi saba kusini ya ikweta, kwa hiyo jua lake halipigi kuta za kaskazini na kusini kwa kiasi kilekile, na Nairobi, ingawa iko karibu na ikweta kama Singapuri, imeinuka juu kwenye baridi. Kila mji unahitaji namba zilizotokana na vipimo vyake wenyewe vya jua na joto. Wakati huo, ukikabidhiwa mchoro wa jengo la vioo, omba karatasi ya mtengenezaji wa kioo na usome mgawo wake wa kivuli kabla hujaweka sahihi.