Shule Nyingine Inapouliza Kuhusu Mwalimu Aliyeondoka

Nchini Kenya, mfanyakazi anayeacha kazi hupewa cheti cha utumishi kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Cheti hicho hutaja alianza lini, alimaliza lini na alifanya kazi gani, lakini hakisemi kama alifundisha vizuri. Kuhusu tabia na utendaji, kifungu cha 51 hakimlazimishi mwajiri kuandika chochote. Mwalimu mkuu wa shule ya binafsi anayeandikiwa na shule nyingine hujibu basi kwa hiari yake, na akishajibu, kila sentensi ni ya kwake kuitetea.

Kabla ya kuandika, afungue faili. Tuseme mwalimu alifundisha hisabati kuanzia Januari 2023 hadi Novemba 2024, na mwalimu mkuu anachokumbuka zaidi ni uchelewaji wake. Akiandika "hakuwa mtu wa kutegemewa", anayesoma hana la kupima, na mwalimu hana la kujibu. Daftari la mahudhurio lina habari iliyokamilika zaidi, na barua ingeweza kusema hivi:

"Katika muhula wa kwanza wa 2024 alifika baada ya kengele mara 9. Alipewa barua ya onyo mwezi Machi. Muhula wa pili alichelewa mara 1, na wa tatu hakuchelewa. Maandalio yake ya masomo yalikuwa kamili kila yalipokaguliwa. Aliacha kazi mwenyewe baada ya kutoa notisi."

Ukiondoa sentensi mbili za kwanza, umemficha mwajiri jambo. Ukiishia Machi, umemdhulumu mwalimu, maana kujirekebisha kwake kumo katika daftari lilelile.

Maswali mengine yaachwe bila jibu. Ugonjwa, ndoa na uanachama wa chama cha walimu si mambo ya kumwaga katika barua ya namna hii, hata kama fomu imeyawekea nafasi.

Jambo zito kuliko yote ni usalama wa watoto. Kuna wakuu wanaomsifu mwalimu aliyethibitika kumdhulumu mwanafunzi ili aondoke kimya kimya, na mimi naliona hilo kuwa ni kumpelekea mwenzako hatari ukijua. Uamuzi uliotolewa baada ya uchunguzi uandikwe, pamoja na tarehe yake na chombo kilichoutoa. Tetesi za chumba cha walimu zisiandikwe. Malalamiko ambayo hayajachunguzwa mahali pake ni Tume ya Huduma ya Walimu na polisi, na yangepaswa kufika huko siku yalipotokea. Shule inayouliza nayo inaweza kuthibitisha kwa Tume kama mwalimu bado amesajiliwa.

Barua ikishatiwa sahihi na muhuri, itumwe kwa anwani rasmi ya shule iliyouliza, baada ya kuhakikisha kwa simu kwamba ombi ni lao kweli. Nakala ibaki kwenye faili la mwalimu.