Mshahara, Hisa na Siku Pesa Zitakapoisha

Barua ya ajira kutoka kampuni changa hubeba ahadi mbili katika karatasi moja. Ya kwanza ni mshahara, unaolipwa mradi akaunti ya kampuni ina pesa. Ya pili ni haki ya kununua hisa, ambayo huenda ikaleta faida miaka mingi baadaye au isilete kitu kabisa. Waajiri hupenda kuzitaja pamoja, kana kwamba ni fungu moja la malipo. Anayetaka kupima kazi yenyewe hana budi kuzitenganisha, kwa sababu kila moja ina kalenda yake, na kalenda hizo mbili mara nyingi hazipatani.

Chukulia mtengenezaji wa programu wa Nairobi aliyepata nafasi mbili kwa wakati mmoja. Benki inamwahidi shilingi 240,000 kwa mwezi. Kampuni changa inayowasambazia wenye maduka bidhaa inamwahidi shilingi 180,000, na juu yake haki ya kununua hisa 20,000. Tofauti ya mshahara ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Kwa miaka minne hiyo ni shilingi 2,880,000, takriban dola 22,000 ikiwa dola moja inauzwa shilingi 130. Hiyo ndiyo bei anayolipa ili apate hisa, ijapokuwa hakuna atakayemwandikia risiti.

Jambo la kwanza kuuliza si hisa bali pesa zilizopo. Kampuni changa nyingi hutumia zaidi ya zinavyoingiza, na pengo hilo huzibwa na pesa za wawekezaji. Hesabu yake ni rahisi: pesa zilizo benki hugawanywa kwa pengo la kila mwezi. Kampuni ya mfano wetu ina dola 600,000. Kila mwezi inatumia dola 90,000 na kuingiza 30,000, kwa hiyo inapungukiwa na dola 60,000. Imebakiwa na miezi 10.

Lakini jibu hilo ni la leo, na kampuni inayoajiri haibaki ya leo. Ikiwa mtengenezaji huyu anaajiriwa pamoja na wenzake kadhaa, na pengo likapanda hadi dola 80,000, miezi 10 inakuwa saba na nusu. Ndiyo maana swali zuri ni lile linalodai tarehe: iwapo haitapatikana pesa nyingine yoyote, na watu wote waliopangwa wakaajiriwa, pesa zitaisha mwezi gani? Mkurugenzi anayejua kazi yake hulijibu bila kutafuta maneno, maana ni hesabu anayolala nayo. Akianza kusimulia ukubwa wa soko la Afrika, hilo nalo ni jibu.

Kuna mitego miwili hapa. Kwanza, pesa zilizoahidiwa si pesa zilizopokelewa. Mwekezaji anaweza kutia sahihi barua ya kuonyesha nia kisha akajitoa baada ya kukagua vitabu, au akakubali kutoa pesa kwa mafungu, kila fungu likingoja lengo fulani la mauzo litimie. Pili, kutafuta pesa kwenyewe huchukua miezi, mara nyingi nusu mwaka au zaidi tangu mazungumzo ya kwanza. Kampuni iliyobakiwa na miezi saba na nusu na haijaanza kubisha hodi kwa wawekezaji tayari imechelewa, hata kama ofisi ina samani mpya na mashine ya kahawa.

Copia, kampuni ya Kenya iliyouzia kaya za vijijini bidhaa kupitia mawakala, ilitangaza Desemba 2023 kwamba imepata dola milioni 20. Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Kwa hiyo habari ya gazetini kwamba kampuni imepata mamilioni haitoshi kumtuliza mtu. Mamilioni hayana maana mpaka ijulikane yanaliwa kwa kasi gani.

Wengine hawataki kuonyesha hesabu zao kwa mtu ambaye bado hajaajiriwa. Hata hivyo zipo dalili zisizohitaji ruhusa yao. Mfanyakazi aliyeondoka karibuni anaweza kueleza kama mishahara ilikuwa ikiingia siku yake. Anaweza pia kufungua taarifa yake ya NSSF na kuangalia kama kila mwezi una mchango. Kampuni iliyoishiwa hukata makato kwenye mshahara, kisha ikayatumia kulipia mafuta ya magari na kodi ya ofisi badala ya kuyawasilisha. Miezi iliyo wazi kwenye taarifa hiyo husema mengi kuliko mkutano wa wafanyakazi wote.

Sasa hisa. Idadi peke yake haina maana: hisa 20,000 zinaweza kuwa robo ya kampuni au vumbi. Kinachotakiwa ni jumla ya hisa zote, zikihesabiwa pamoja na za wawekezaji, zilizotengewa wafanyakazi, na zile zitakazotokana na mikopo inayogeuzwa kuwa hisa. Kampuni ya mfano wetu ina hisa 8,000,000, kwa hiyo fungu la mtengenezaji ni asilimia 0.25. Kampuni inayokataa kutaja jumla hiyo inamwomba mtu anunue shamba bila kuambiwa ekari, na msimamo wa busara ni kuzihesabu hisa hizo kuwa sifuri.

Kisha kuna bei. Haki ya kununua hisa si hisa. Humruhusu mfanyakazi kununua baadaye kwa bei iliyowekwa siku alipopewa haki hiyo, tuseme senti 10 za dola kila moja. Kuzichukua zote 20,000 kutamgharimu dola 2,000 kutoka mfukoni mwake. Tena barua ya ajira kwa kawaida haimpi haki hiyo. Husema tu kwamba uongozi utapendekeza kwa bodi ya wakurugenzi. Mpaka bodi ipitishe, na mfanyakazi apate hati ya mgao yenye idadi, bei na tarehe, hana kitu. Kampuni nyingi changa za Nairobi zina kampuni mama iliyosajiliwa jimbo la Delaware, Marekani. Hapo mshahara hutoka kampuni ya Kenya na hisa ni za ile ya Delaware, hivyo karatasi ni mbili na zote mbili zinafaa kusomwa.

Haki hiyo huiva polepole. Mpangilio uliozoeleka ni miaka minne, na mwaka wa kwanza hakuna kinachoiva. Siku ya kutimiza miezi 12 robo nzima, yaani hisa 5,000, huiva kwa mkupuo, na zilizobaki huiva kidogo kidogo kila mwezi. Anayeondoka au kuachishwa mwezi wa 11 hatoki na hata moja.

Hapa ndipo kalenda mbili zinapokutana. Pesa za kampuni zitaisha baada ya miezi saba na nusu, ilhali hisa ya kwanza itaiva baada ya miezi 12. Mtengenezaji huyu hatapata hisa yoyote isipokuwa kampuni ifanikiwe kupata pesa mpya. Kwa hiyo hapewi sehemu ya kampuni iliyopo; anapewa sehemu ya kampuni itakayokuwepo ikiwa mwekezaji asiyejulikana bado atakubali kutoa hela.

Tuseme mwekezaji huyo akapatikana, na mwingine baada yake, kila mmoja akichukua hisa mpya za asilimia 20. Fungu la asilimia 0.25 linashuka hadi 0.2, kisha 0.16. Si dhuluma, maana kampuni yenyewe huwa imekua, lakini asilimia iliyotajwa siku ya usaili haitakuwa ile ya siku ya malipo.

Siku hiyo ikifika, foleni ina utaratibu wake. Wadai hutangulia. Wawekezaji hufuata, kwa kuwa hisa zao kwa kawaida huwapa haki ya kurudishiwa kwanza kiasi walichoweka, au kugawana na wengine kulingana na asilimia yao, wakichagua lenye faida zaidi kwao. Wafanyakazi na waanzilishi hula kilichobaki. Katika mfano wetu wawekezaji wameweka jumla ya dola milioni 6 na wanamiliki nusu ya kampuni, na madeni ni nusu milioni.

Kampuni ikiuzwa dola milioni 7, magazeti yatapiga makofi. Madeni yakilipwa na wawekezaji wakachukua milioni 6 zao, inabaki nusu milioni kwa wengine wote. Mtengenezaji anapata kama dola 1,600, na ili azipate angepaswa kwanza kulipa 2,000. Haki yake haina thamani hata chembe. Ikiuzwa milioni 30, wawekezaji wataona afadhali kugawana kwa asilimia, naye atapata kama dola 45,000 baada ya kuondoa bei ya kununulia, kabla ya kodi. Mahali anapofidia mshahara alioukosa benki ni mauzo ya karibu dola milioni 15 na nusu. Swali lake basi linapungua na kuwa moja: kampuni hii ina nafasi gani ya kufika huko, na ndani ya miaka mingapi?

Ikivunjika mapema, sheria ya Kenya inamlinda kwa kiasi. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 inaweka mishahara ya miezi minne ya mwisho mbele ya wadai wa kawaida, lakini kwa kikomo cha shilingi 200,000 kwa mfanyakazi mmoja, na baada ya gharama za ufilisi wenyewe. Kwa anayelipwa 180,000, hiyo ni mwezi mmoja na ziada ndogo. Kiinua mgongo cha kupunguzwa kazini, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, ni angalau siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa hiyo aliyefanya kazi miezi minane hana mwaka wa kuhesabiwa. Na akiwa bado katika kipindi cha majaribio, notisi inaweza kuwa ya siku saba tu.

Mengi ya haya yanaweza kujadiliwa kabla ya sahihi, na waajiri wa kampuni changa huona ni rahisi zaidi kubadili maneno ya barua kuliko kuongeza pesa. Mtengenezaji anaweza kuomba notisi ya miezi miwili, na kifungu kwamba mshahara utapanda hadi kiasi fulani mara pesa mpya zitakapoingia. Muhimu zaidi ni muda wa kununua hisa zilizoiva baada ya kuacha kazi. Mipango mingi huweka siku 90, desturi iliyotokana na kanuni ya kodi ya Marekani ambayo haimhusu mlipa kodi wa Kenya, ila imenakiliwa kutoka kiolezo hadi kiolezo. Anayeondoka hulazimika kutafuta dola zake 2,000 ndani ya miezi mitatu kwa ajili ya hisa asizoweza kumuuzia mtu, la sivyo zinapotea. Baadhi ya kampuni hukubali kuongeza muda huo hadi miaka kadhaa wakiombwa, na hukubali kwa urahisi zaidi kabla mtu hajaanza kazi kuliko siku anapoaga.