Nikolao wawili na kofi moja

Wakristo wengi wamesikia kwamba Mtakatifu Nikolao, askofu wa Mira katika nchi tunayoiita leo Uturuki, alimzaba kofi mzushi Ario mbele ya maaskofu wenzake kwenye Mtaguso wa Nisea mwaka 325. Ni kisa kitamu. Lakini ukikifuatilia kwenye maandishi ya zamani, hukioni mpaka karne ya 14, takriban miaka elfu moja baada ya mtaguso wenyewe.

Swali la kwanza la mwanahistoria ni la tarehe: jambo hili liliandikwa lini kwa mara ya kwanza, na mwandishi alilipata wapi? Nikolao aliishi katika karne ya 4, na hakuna kitabu cha maisha yake kilichoandikwa na mtu aliyemfahamu. Simulizi kamili la maisha yake lililo la kale kuliko mengine liliandikwa na mtawa aitwaye Mikaeli, karne kadhaa baadaye. Hata kuhudhuria kwake Nisea kuna utata. Orodha za maaskofu waliohudhuria zimetufikia katika lugha mbalimbali; baadhi zina jina lake, nyingine hazina. Wataalamu wengi huegemea zile zisizo nalo, kwa sababu ni rahisi kuelewa kwa nini mnakili angeongeza jina la askofu aliyekwisha kuwa maarufu, na vigumu kuelewa kwa nini angelifuta.

Wanaochunguza Sira ya Mtume Muhammad (S.A.W.) wanakutana na suala kama hilo. Ibn Is-haka, aliyefariki yapata mwaka 767, anaeleza kwa ufupi tu kwamba Abdullah, baba yake Mtume, alifariki mkewe akiwa mjamzito. Al-Wakidi, aliyefariki mwaka 823, anajua mengi zaidi: kwamba Abdullah alitoka Gaza kwa biashara, akaugua njiani, akauguzwa na jamaa zake Madina, na alikuwa na umri gani alipofariki. Mwanahistoria Michael Cook aliutumia mfano huu kuonyesha jinsi habari zinavyoweza kuongezeka kadiri miaka inavyopita. Wengine wanamjibu kwamba al-Wakidi huenda alikusanya riwaya ambazo mwenzake aliziacha, na jibu hilo lina uzito, kwa kuwa wapokezi wengi walifanya kazi kwa wakati mmoja katika miji tofauti.

Kwa Nikolao tunajua chanzo kimojawapo cha nyongeza. Katika karne ya 6, karibu na Mira, aliishi Nikolao mwingine, mkuu wa monasteri ya Sioni, aliyefariki mwaka 564. Wazazi wake waliitwa Epifanio na Nona, na maisha yake yaliandikwa muda mfupi baada ya kifo chake. Waandishi wa baadaye waliwachanganya hao wawili, na askofu wa karne ya 4 akajikuta amepewa wazazi wa mtawa wa karne ya 6.

Mwitalia Falcone, aliyechapisha maisha ya mtawa huyo mwaka 1751, alikwenda upande wa pili kabisa: akadhani Nikolao alikuwa mmoja tu, yule wa Sioni. Kumbe kitabu hichohicho kinampinga. Ndani yake mtawa anakwenda Mira kwenye sikukuu, mahali penye kaburi la Mtakatifu Nikolao. Asingeweza kuzuru kaburi lake mwenyewe, kwa hiyo askofu wa Mira alikuwa ameheshimiwa kama mtakatifu kabla yake. Kwangu mimi, sentensi hiyo moja inayotajwa kwa kupita ina thamani kuliko kurasa nyingi za miujiza, kwa sababu mwandishi hakuwa akijaribu kuthibitisha chochote kwayo.

Kisa cha kale zaidi kuhusu askofu huyo kinasimulia majemadari watatu waliosingiziwa uhaini, wakafungwa, na wakaokolewa baada ya Nikolao kumtokea Kaisari Konstantino katika ndoto. Kinamtaja liwali mkuu Ablabio, na kati ya majemadari wamo Nepotiano na Urso. Ablabio alikuwepo kweli na alishika cheo hicho zama za Konstantino. Rekodi za dola ya Kirumi zinaonyesha pia konsuli Nepotiano mwaka 336 na konsuli Urso mwaka 338.

Kulingana huku kunavutia, na baadhi ya wanahistoria wanakuona kama dalili kwamba kisa kina mizizi katika karne ya 4. Hata hivyo, majina ya makonsuli ndiyo Warumi waliyatumia kuitaja miaka, hivyo mwandishi wa baadaye angeweza kuyaokota kwenye orodha yoyote. Mwishoni mwa karne ya 6 kisa kilikuwa tayari mikononi mwa padri Eustratio wa Konstantinopoli, aliyekinukuu. Kwa hiyo kilikuwepo kabla ya hapo, ingawa hakuna anayeweza kusema kwa hakika ni miaka mingapi. Kuhusu ndoto yenyewe, rekodi za makonsuli haziwezi kuthibitisha wala kukanusha.