Uyoga Mwekundu: Kwa Nini Hulaza na Kuvuruga Akili

Mwaka 2006 madaktari wa Slovenia walichapisha habari za mwanamume wa miaka 48 aliyechuma uyoga akidhani ni ule wa kaisari, unaoliwa kusini mwa Ulaya. Nusu saa baada ya mlo alitapika, kisha akalala. Saa 4 baada ya mlo alikutwa hajitambui, mwili ukimkakamaa kama mwenye kifafa. Saa 10 tangu kula, aliamka na akili timamu. Kumbe bado: baadaye alichanganyikiwa upya, na kwa siku 5 akawa anaona na kusikia visivyokuwapo. Siku ya 6 ndipo alipoanza kurudi katika hali yake.

Alikuwa amekula Amanita muskaria, uyoga wa misitu ya misonobari wenye kofia nyekundu na madoa meupe. Mvua ikinyesha madoa hayo huoshwa, na hapo hufanana sana na ule wa kaisari.

Wengi huuweka kundi moja na uyoga wenye silosibini. Sumu zake ni tofauti kabisa. Silosibini hugeuka silosini mwilini, nayo huamsha vipokezi vya serotonini vinavyohusika na namna ubongo unavyotafsiri yanayoonekana. Kwa kawaida mlaji huwa macho, rangi na maumbo yakimbadilikia.

Amanita muskaria ina asidi ya iboteniki na muskimoli. Ya kwanza inafanana na glutamati, kemikali ambayo neva huitumia kuamshana. Ya pili inafanana na gaba, inayozituliza. Ni kama dereva anayekanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Tena, uyoga ukikaushwa, sehemu ya asidi hiyo hugeuka muskimoli, kwa hiyo breki huzidi nguvu. Ndiyo sababu mtu hupepesuka, husema ovyo, husinzia, na akizinduka hakumbuki kitu. Katikati ya usingizi huweza kushtuka, kufurukuta na kukakamaa. Akiona maruweruwe, ni ya mtu aliyechanganyikiwa, asiyejua yuko wapi.

Jina la uyoga huu limewahi kuwapotosha hata waganga. Muskarini ilipatikana humo mwaka 1869, ikadhaniwa ndiyo sumu kuu, na wagonjwa wakapewa atropini kuipinga. Lakini muskarini iliyomo ni kidogo mno, na atropini yenyewe huvuruga akili, hivyo huweza kuzidisha tatizo.

Dawa mahususi ya kuzimua sumu hii haipo. Hospitali hulinda pumzi ya mgonjwa na kutuliza mishtuko hadi muskimoli itoke kwa mkojo. Kiasi cha sumu hutofautiana kati ya uyoga na uyoga, kwa hiyo hakuna jicho linaloweza kukipima. Aliyeula apelekwe hospitali mara moja, pamoja na mabaki ya uyoga wenyewe, hata kama anaonekana amelala tu.