Wafuasi 640, Miitikio 31: Je, Akaunti Inakwenda Vizuri?

Tuchukue mfano wa fundi cherehani wa Morogoro anayeuza magauni ya vitenge kupitia Instagram. Tarehe 1 Juni akaunti yake ilikuwa na wafuasi 640, na tarehe 30 ikawa na 712. Ndani ya mwezi huo aliweka posti tisa. Anataka kujua kama anaendelea vizuri, lakini kila anayemuuliza anatazama idadi ya wafuasi tu, na idadi hiyo peke yake haiwezi kumjibu. Akaunti yenye wafuasi 50,000 inayoambulia laiki 60 kwa posti iko pabaya kuliko yake.

Hesabu ya kwanza anayohitaji ni kiwango cha mwitikio: posti moja inaamsha vitendo vingapi kwa kila wafuasi mia. Unajumlisha laiki, maoni, mara ilizohifadhiwa na mara ilizotumwa kwa wengine, unagawanya kwa idadi ya wafuasi, kisha unazidisha kwa 100. Mara ilizohifadhiwa utazikuta kwenye Insights, baada ya kuigeuza akaunti kuwa ya biashara, jambo ambalo halina malipo. Katika maoni, toa yale uliyoandika mwenyewe ukiwajibu wateja. Usipoyatoa, kila “bei gani?” itahesabiwa mara mbili.

Posti tisa za fundi wetu zilipata miitikio 31, 28, 35, 26, 33, 190, 29, 38 na 30. Jumla ni 440, wastani karibu 49 kwa posti. Kwa kuwa wafuasi waliongezeka ndani ya mwezi, tunatumia idadi ya katikati ya mwanzo na mwisho, yaani 676. Gawanya 49 kwa 676, zidisha kwa 100, unapata asilimia 7.2. Kwa akaunti ndogo hiyo ni takwimu ya kujivunia.

Lakini si ya kweli. Itazame tena ile 190. Siku hiyo alitangaza zawadi: mfuate, taja marafiki watatu, ushinde gauni. Posti moja ya zawadi imeuvuta wastani wa mwezi mzima. Dawa yake ni rahisi. Panga takwimu zote kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha chukua ile iliyo katikati: 26, 28, 29, 30, 31, 33, 35, 38, 190. Ya katikati ni 31, na 31 kwa wafuasi 676 ni asilimia 4.6. Hicho ndicho kiwango chake, kwa sababu ndicho posti yake ya kawaida inachopata siku ambayo hakuna zawadi. Mwenye akaunti ndogo namshauri atumie takwimu ya katikati kila mara, kwani kwake posti moja inatosha kupotosha hesabu nzima.

Kuna jambo jingine linaloziinua akaunti ndogo, nalo ni ndugu na marafiki. Kwa wafuasi 676, watu watano tu wanaolaiki kila kitu kwa upendo wanaongeza asilimia 0.7. Kama shangazi, wanakwaya na majirani wa fundi wetu wanafika wanane, kiwango kinachotokana na wateja hasa ni asilimia 3.4. Ndiyo maana akaunti ikikua kiwango hushuka, na mtu asishtuke: jamaa ni walewale, wafuasi wameongezeka.

Je, asilimia 4.6 ni nzuri? Kwa Instagram, ukigawanya kwa wafuasi, wengi wa wanaofanya kazi hii huchukulia asilimia 1 hadi 3 kuwa ya kawaida, na 3 hadi 6 kuwa nzuri. Akaunti yenye wafuasi wasiofika elfu moja naitarajia iwe kwenye kundi hilo la pili, maana wafuasi wake bado wanamjua mwenyewe. Ikiwa chini ya asilimia 1, nashuku wafuasi walionunuliwa au waliokwisha kuacha kufungua Instagram. Ikipita 10 mwezi baada ya mwezi, natafuta kwanza zawadi, jamaa, au kundi la watu wanaolaikiana kwa makubaliano.

Hesabu ya pili ni ya ukuaji. Chukua wafuasi wa mwisho wa mwezi, toa wa mwanzo, gawanya kwa wa mwanzo, zidisha kwa 100. Kwa Juni ni 72 kwa 640, sawa na asilimia 11.25. Insights ikifunguliwa inaonyesha kilichojificha humo: walioingia ni 96 na walioondoka ni 24. Kati ya walioingia, 70 walikuja siku tatu za zawadi, na 20 kati ya walioondoka walifanya hivyo baada ya mshindi kutangazwa. Ukiliweka kando wimbi hilo, waliobaki kuingia ni 26 na kutoka ni 4. Ongezeko halisi ni watu 22, sawa na asilimia 3.4.

Julai ikathibitisha. Waliingia 28, wakaondoka 41, akaunti ikashuka hadi 699. Aliyeridhika na asilimia 11.25 ya Juni angedhani Julai kumeharibika jambo, kumbe waliokuja kwa ajili ya gauni la bure walikuwa wanamalizika kuondoka, na walioingia 28 ni sawa kabisa na mwezi wa kawaida. Kwa miezi miwili pamoja akaunti imetoka 640 hadi 699, wastani wa kama asilimia 4.5 kwa mwezi. Kwa akaunti ndogo isiyolipia matangazo, mimi huita asilimia 2 hadi 5 kwa mwezi mwendo mzuri. Ila chini ya wafuasi 200, asilimia zinadanganya sana: watu kumi wapya kwa wafuasi mia ni ukuaji wa asilimia 10. Hapo hesabu vichwa.

Sasa tuseme Agosti kiwango cha mwitikio kinashuka hadi asilimia 2.5. Kabla ya kubadili chochote, fundi atazame idadi ya watu waliofikiwa na kila posti, kisha agawanye miitikio kwa idadi hiyo badala ya wafuasi. Mnamo Januari 2025 Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, alieleza kwamba laiki na kutumiwa kwa posti, vikilinganishwa na watu iliowafikia, ni miongoni mwa mambo makubwa yanayoamua posti isambazwe kiasi gani, pamoja na muda ambao watu wanaitazama.

Posti ya Juni yenye miitikio 31 iliwafikia watu 210, yaani karibu asilimia 15. Kama ya Agosti ina miitikio 17 na imewafikia 115, kiwango ni kilekile cha 15. Waliouona mshono bado wanaupenda. Waliouona ndio wamepungua. Hapo ajaribu saa nyingine ya kuweka posti, au video fupi zinazoweza kuwafikia wasiomfuata. Lakini kama imewafikia 210 walewale na miitikio ni 17, kiwango kimeshuka hadi 8, na shida iko kwenye posti yenyewe: picha, kitenge, au bei ambayo mteja analazimika kuiulizia faraghani kila mara.